Slaidi ya Mwisho ya Mzee Sufiani

Kama umewahi kukaa kwenye ukumbi wowote wa Bagamoyo, iwe semina, mahafali au mkutano wa vikundi, basi mawaridi ya Mzee Sufiani unayajua, hata kama mwenyewe humjui. Msemaji akimaliza maneno yake, ukutani hutokea mawaridi mekundu sita yenye matone ya umande, na juu yake herufi za dhahabu huingia moja moja kwa madaha kama bibi harusi anayeingia ukumbini: ASANTENI KWA KUNISIKILIZA. Sekunde kumi na moja nzima. Watu wakipiga makofi, Mzee Sufiani, aliyekaa nyuma karibu na projekta yake ya kukodisha, huinamisha kichwa kidogo, maana makofi yale huyahesabu kuwa nusu ni yake.

Alikuwa na haki ya kujivuna, tusimnyime. Miaka ishirini na mbili alikuwa karani wa kuchapa mahakamani, enzi za mashine zilizokuwa zikigonga mpaka jirani anajua hukumu ni ndefu au fupi. Alipostaafu akafungua steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, Mji Mkongwe, penye mlango wa nakshi uliokwisha kuliwa na chumvi. Kompyuta akajifundisha mwenyewe akiwa na miaka hamsini na tatu. Wanafunzi, vikundi, maofisa wa kata wasiopenda kusema kwamba hawajui, wote walimletea karatasi zao, naye akawageuzia slaidi. Kosa la herufi kwake ulikuwa hulioni. Kauli yake ilikuwa: "Mteja huja na maneno, mimi namvalisha."

Hapo kwenye kuvalisha ndipo palipomponza.

Mzee Sufiani alilelewa na mama aliyeuza maandazi miaka thelathini bila kutamka neno "nunueni." Sinia lilikaa barazani limefunikwa kawa, anayetaka alijua. Katika nyumba ile, mgeni hakuambiwa shida siku aliyokuja. Alikaribishwa, akalishwa, akashukuriwa kwa kuja, akasindikizwa mpaka kona. Haja ilisemwa siku nyingine, tena kwa kuzungukazunguka. Uso umeumbwa na haya, mama yake alikuwa akisema, na Sufiani alikua akiamini kwamba kumwomba mtu jambo waziwazi, mbele za watu, ni sawa na kupiga debe stendi. Ndiyo maana kila kazi iliyopita mkononi mwake iliishia kwenye mawaridi. Namba za simu alizitoa. Maneno ya "tunaomba mfanye hivi" aliyatoa. Aliona anawasitiri watu.

Mwezi wa tano akaja Mwaija.

Mwaija alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa Kaole, wanawake kumi na tisa waliokuwa wakilima mwani, wakaukausha, wakausaga na kutengeneza sabuni. Sabuni nzuri, ya kijani iliyofifia, yenye harufu ya karafuu. Ilikuwa imejaa chumbani kwa mwenyekiti wao, Bi Ashatu, boksi juu ya boksi, na mnunuzi hapana. Sasa walikuwa wameitwa kwenye mkutano wa wenye hoteli za pwani, kila kikundi dakika kumi. Mwaija alikuwa na umri wa mabinti wa Mzee Sufiani, mwanamke wa sauti ndogo, aliyeandika hotuba yake kwenye karatasi za daftari kwa mwandiko wa kulala.

"Hizi za mwanzo unaweza kuzirekebisha upendavyo, mzee," alimwambia. "Lakini hii ya mwisho nimeiandika mara tatu. Iache kama ilivyo."

Ya mwisho ilisema hivi: Tunaomba jambo moja. Hoteli yako ijaribu boksi moja la sabuni yetu. Jiandikishe kwa katibu kabla hujatoka leo, au tupigie kabla ya Ijumaa. Chini yake jina la Mwaija, namba ya simu, neno kwamba namba hiyo ina WhatsApp, na mahali: Kaole, nyumba ya nne ukitoka msikitini.

Mzee Sufiani aliisoma, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto. Siku mbili baadaye Mwaija alipokuja kuangalia kazi, akaonyeshwa slaidi moja baada ya nyingine, akafurahi, mpaka yakatokea mawaridi.

"Na yale maneno yangu, mzee?"

"Mwanangu, wale ni watu wazima, wana hoteli zao. Huwezi kuwaning'inizia namba ya simu ukutani kama bango la mganga. Waage kwa adabu. Hayo mengine utayasema kwa mdomo."

Mwaija aliitazama skrini. Angekuwa kijana mwenziwe angembishia, lakini huyu alikuwa mzee wa watu, mwenye mvi na kofia ya kiua, aliyewaandikia wazazi wa Mwaija barua za mahakamani bila kuwatoza kitu. Akasema, "Haya, mzee," akachukua flashi yake, akaenda zake. Ile "haya, mzee" ndiyo iliyokuja kumla Mzee Sufiani baadaye. Wakati ule aliiona ni malezi mema.

Siku ya mkutano alikuwepo mwenyewe, nyuma ya ukumbi, na projekta. Mwaija alisema vizuri. Alipoonyesha picha ya wanawake wakiwa majini mpaka kiunoni, watu waliacha kunong'ona. Mama mmoja mnene wa mstari wa pili, mwenye hoteli huko juu njia ya Saadani, aliinusa sabuni ya mfano, akampa jirani, akaichukua tena. Mzee Sufiani aliona yote hayo. Kisha mwenye kuendesha mkutano akagonga meza: "Muda umekwisha, dada. Maswali." Mwaija akabonyeza haraka, mawaridi yakajitokeza, herufi zikaanza kuingia moja moja. Maneno ya kusemwa kwa mdomo yakabaki mdomoni.

Maswali yalichukua robo saa. Jambo alilokuwa hajawahi kulifikiria Mzee Sufiani, pamoja na ufundi wake wote, ni kwamba slaidi ya mwisho ndiyo inayokaa ukutani kuliko zote. Nyingine hupita dakika moja, hii husimama muda wote wa maswali, watu wanaitazama wapende wasipende. Robo saa nzima ukumbi ulitazama mawaridi. Yule mama wa mstari wa pili aliinua simu yake, akaielekeza ukutani, akapiga picha, akaitazama ile picha, akakunja uso kidogo. Simu yake nyingine ikaita, akatoka nje kuipokea. Hakurudi.

Akafuata Husseni wa Miono, muuza asali. Slaidi zake zilikuwa na sura mbaya, Mzee Sufiani aliziona akasonya. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe, basi. Ya mwisho iliandikwa kwa herufi kubwa mno, hata yeye kule nyuma aliisoma bila miwani: CHUKUA CHUPA YA KUONJA HAPO MLANGONI. UKIIPENDA, NIPIGIE KABLA YA TAREHE ISHIRINI. HUSSENI, MIONO. Na namba. Simu zikanyanyuka ukumbini kama mikono darasani. Husseni alipokuwa akijibu maswali, watu walikuwa wakinakili, na wengine walikwishampigia kumjaribu, simu ikatetemeka mfukoni mwake watu wakacheka.

Mzee Sufiani hakucheka.

Wiki tatu zikapita. Siku moja asubuhi akaja Issa, karani wa ile hoteli ya njia ya Saadani, kuchapisha orodha mpya ya vyakula. Wakati mashine inatema karatasi, akaanza kuzungumza.

"Mzee, wewe unawajua watu wote. Kuna wanawake fulani wa sabuni ya mwani walizungumza kwenye ule mkutano. Bosi wangu aliwatafuta mpaka akachoka."

"Aliwatafuta vipi?"

"Alipiga picha ukutani ili apate namba. Akatuita ofisini kutuonyesha." Issa akacheka, hana habari. "Maua! Picha ya maua na asanteni. Hakuna jina, hakuna kijiji. Kawapigia waandaaji, nao hawakupokea. Juzi kachukua sabuni za watu wa Tanga, mkataba wa mwaka."

Mzee Sufiani aliendelea kupanga karatasi zilizokwishapangika. Alitaka kusema, maua yale ni yangu, akaishia kusema, "Karatasi zako hizi hapa, kijana." Akamtoa Issa mpaka mlangoni, akarudi, akaizima kompyuta, akaketi na kujiona uso kwenye kioo chake cheusi. Hakuipenda sura aliyoiona.

Lakini hayo yalikuwa mchezo. Lililomvunja aliletewa na mkewe, Nadhira, mchana, pamoja na wali. Nadhira alikuwa ametoka Kaole kumjulia hali shoga yake, mmoja wa wanawake wa kikundi kile.

"Wanamwondoa ukatibu Mwaija," alisema. "Jumamosi hii. Wanasema wamemtuma mwanamke asiye na kauli, amesimama mbele ya matajiri akashukuru tu, akashuka. Hakuomba kitu. Eti alijipamba na maua kama yuko harusini."

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi. Wamemuuliza nani alimwambia aishie vile, kanyamaza. Bi Ashatu kamuuliza mara mbili."

Mzee Sufiani aliacha kula. Binti yule alikuwa na jina la mzee mdomoni, na kwa neno moja angejivua lawama. Hakulitaja. Alikuwa amemsitiri, yeye aliyejidhania msitiri wa watu. Katika maisha yake Mzee Sufiani aliwahi kunusurika kufukuzwa kazini, aliwahi kuanguka na kanzu nyeupe kwenye tope mbele ya msikiti siku ya Idi, lakini aibu kama ile hakuwahi kuijua. Akamweleza mkewe yote, akitazama sinia. Akamalizia kwa kujitetea: "Lakini ndivyo tulivyolelewa, Nadhira. Mtu haombi waziwazi mbele za watu."

Nadhira alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti. "Wazee wako walipokuja kwetu kunichumbia," alisema, "walikula tambi, wakashukuru. Wakaondoka?"

Akaokota punje ya wali pembeni mwa sinia.

"Mshenga alisema wamekuja kwa ajili ya nani, mahari wanaleta lini, na jibu walitaka kabla mwezi haujaandama. Tena alisema nyumba ya kupeleka hilo jibu. Wangeishia kwenye asanteni, mimi leo ningekuwa kwa mwanamume mwingine. Mficha uchi hazai, mume wangu. Kula, wali unapoa."

Hakula.

Jumamosi baada ya alasiri alipanda bodaboda mpaka Kaole. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipofika kwenye neno "mimi" yalimpotea. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani ya banda la kukatia sabuni, na Mwaija alikuwa pembeni, peke yake, na daftari la kikundi juu ya mapaja, limefungwa, tayari kukabidhiwa. Alipomwona Mzee Sufiani mlangoni alitazama chini.

"Hodi," alisema Mzee Sufiani. "Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, Sufiani. Hapa kuna mambo ya wanawake."

"Najua. Nina neno moja."

Akasimama. Mtu aliyechapa maungamo ya watu miaka ishirini na mbili hakujua kumbe yake yanatoka kwa taabu namna hii. Alisema kwamba Mwaija aliandika maneno ya kumalizia, akayaandika mara tatu, na maneno yale yalikuwa na ombi, na namba, na siku, na mahali. Alisema aliyeyafuta ni yeye. Kwamba binti aliuliza, naye akamnyamazisha kwa mvi zake. Akawaambia na habari ya mama wa hoteli, picha ya mawaridi, na sabuni za Tanga, ingawa hakuna aliyemlazimisha, na hapo mmoja wao alisema "Yarabi!" na mwingine akaanza kulia kwa hasira. Jasho lilimtoka Mzee Sufiani ndani ya kofia. Alipoona hana la zaidi akasema, kwa mazoea tu, "Basi ni hayo. Asanteni kwa kunisikiliza," akageuka kutoka.

"Sufiani," Bi Ashatu akaita.

Akasimama.

"Umetuambia kosa. Tumesikia. Sasa unataka tufanye nini?"

Banda lote likamtazama. Mzee Sufiani alielewa, palepale, mlangoni, kwamba amerudia kosa lilelile. Amekuja mpaka Kaole na mawaridi yake. Alitaka ardhi ipasuke. Kusema kosa kulimchubua, lakini kuomba kulikuwa kugumu zaidi, maana aliyeomba anaweza kunyimwa mbele za watu.

Akarudi hatua mbili.

"Naomba jambo moja," alisema. "Msimwondoe Mwaija. Tarehe tisa mwezi ujao kuna mkutano kama ule Pangani, nimeulizia, nafasi ipo. Mtumeni yeye. Mkikubali, aje dukani kwangu kabla ya Jumanne. Namba yangu..." na akaitaja namba yake, tarakimu baada ya tarakimu, mwanamke mmoja akainakili kwenye boksi la sabuni.

"Tutazungumza," alisema Bi Ashatu. "Nenda."

Hakuna aliyemsindikiza mpaka kona. Alirudi mjini akijua amefanya la haki, na haikumpunguzia kitu, maana mkataba wa mwaka ulikuwa Tanga na usingerudi kwa sababu mzee mmoja ametokwa na jasho. Maji yakimwagika hayazoleki. Na alijua jambo jingine, dogo, lililomkera kuliko yote. Pale bandani alikuwa ameomba kwa Bi Ashatu, ameomba kwa kikundi, lakini kwa mwenyewe aliyemkosea hakuomba chochote. Hata jicho hakumtupia. Aliogopa.

Jumapili hakuja mtu. Jumatatu, saa nne, akasikia ndara mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

Shikamoo ile ilimchoma, maana ilikuwa ileile ya siku zote, haikupunguzwa hata chembe. "Marahaba, mwanangu," aliitika kwa shida.

Mwaija hakueleza kikao kiliishaje. Aliweka daftari la kikundi mezani, na Mzee Sufiani akaona kwamba bado analo. Ndani yake alitoa karatasi, ileile ya mwisho, aliyoiandika mara tatu. Tarehe tu ndiyo iliyokatwa ikaandikwa mpya.

"Kama ilivyo," alisema. "Na leo nakaa hapahapa mpaka iishe."

"Kaa."

Akafungua kazi ya zamani, akaenda mpaka mawaridini. Kidole kilisita juu ya kitufe kwa muda usiopungua zile sekunde kumi na moja. Kisha akayafuta. Akaandika ombi, moja tu, kwa herufi nyeusi kubwa. Akaandika siku. Akaandika Mwaija, Kaole, na namba. Mwaija alisimama, akarudi nyuma mpaka barazani nje, akasoma kutoka huko.

"Namba haionekani vizuri. Ikuze."

Akaikuza. Mwaija akarudi nyuma tena, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa ipige," alisema. "Tujue umeiandika sawa. Isome ukutani, si kwenye karatasi."

Mzee Sufiani akawasha projekta, akachukua simu yake, akabonyeza tarakimu moja moja akiusoma ukuta. Mkoba wa Mwaija ukaita. Mwaija, pale mlangoni, hakucheka. Aliitoa simu, akaiweka sikioni, akageuka kutazama barabarani kama mtu aliyepigiwa na asiyemjua.

"Haloo, hapa ni kikundi cha wanawake wa Kaole, Mwaija nazungumza. Nikusaidie nini?"

Mzee Sufiani alishika simu kwa mikono miwili. Walikuwa hatua tano tu, na angeweza kukata, akasema namba ni sawa, wakaendelea na kazi. Aliuona mgongo wake tu, na hiyo labda ndiyo iliyompa nguvu.

"Nataka radhi, Mwaija," alisema kwenye simu. "Mimi Sufiani, wa steshenari, Mji Mkongwe. Nimekukosea wewe, si kikundi tu. Naomba unisamehe."

Pikipiki ikapita, vumbi likaingia dukani.

"Kabla ya lini?" Mwaija aliuliza.

"Leo," alisema Mzee Sufiani. "Kama unaweza."

Mwaija alikata simu, akarudi ndani, akavuta kigoda, akaketi kando yake mbele ya skrini.

"Tuanze ya kwanza," alisema. "Jioni tutalifikia na hilo ombi lako."